Jiko lako linatoa kilo ngapi za hewa ukaa? Kwa petroli hesabu ni nyepesi, kwa mkaa ina mtego

Msikilizaji wetu mmoja, mama wa Dumila wilayani Kilosa, ametuandikia ujumbe uliotufanya tukae chini na kalamu. Amepata jiko banifu la mkaa kwa bei ya chini sana, na kabla ya kukabidhiwa aliweka sahihi kwenye karatasi. Karatasi hiyo inasema kwamba hewa ukaa itakayopungua kwa sababu ya jiko hilo ni mali ya mradi, na mradi una haki ya kuiuza. Anauliza: "Hiyo hewa ni kilo ngapi, na wameipimaje wakati hakuna mtu aliyekuja na mashine jikoni kwangu?"

Jibu fupi ni kwamba hakuna mashine. Hewa ukaa ya kaya haipimwi, inakokotolewa. Unachukua kiasi cha mafuta, gesi, mkaa au kuni ulizochoma, unazidisha kwa namba maalumu, unapata kilo. Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Lakini kwa mkaa, namba unayoamua kuzidishia inaweza kubadilisha jibu mara tatu bila mtu yeyote kusema uongo, na hapo ndipo fedha ilipo.

Maswali ya namna hii yataongezeka. Serikali ilizitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mwezi Mei mwaka huohuo ukazinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Majiko na mitungi inasogea vijijini, na nyuma ya baadhi ya majiko hayo ipo biashara ya kaboni.

Namba ya kuzidishia inatoka wapi

Wataalamu wana jina refu la namba hiyo. Sisi tuiite kizidisho. Inaeleza ni kilo ngapi za hewa ukaa zinazotoka ukichoma lita moja au kilo moja ya kitu fulani, na msingi wake umo katika miongozo ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, ya mwaka 2006.

Kwa petroli kizidisho ni kama kilo 2.3 kwa lita. Wengi hushtuka hapo: lita moja ya petroli haifiki hata kilo moja, itatoaje hewa ya kilo mbili na zaidi? Lita hiyo ina uzito wa takribani gramu 740, na kama gramu 630 kati ya hizo ni kaboni. Inapoungua, kila gramu 12 za kaboni hushikana na gramu 32 za oksijeni, na oksijeni hiyo haikuwa kwenye tangi lako bali hewani. Jumla ni gramu 44 za hewa ukaa kwa kila gramu 12 za kaboni. Piga hesabu kwa gramu 630 utapata kilo 2.3. Uzito mwingi wa hewa ukaa, kwa hiyo, ni oksijeni iliyovutwa na injini.

Kwa njia hiyohiyo dizeli inatoa kama kilo 2.7 kwa lita, na mafuta ya taa kilo 2.5 kwa lita. Gesi ya mtungi inahesabiwa kwa kilo, si kwa lita: kilo moja ya gesi inatoa kilo 3 za hewa ukaa. Kilo ya mkaa, pale jikoni peke yake, inatoa kama 3.3. Kilo ya kuni kavu inatoa kama 1.75.

Kwa mafuta na gesi, namba hizi hazina ubishi mkubwa. Petroli ya Dumila na ya Mombasa zinakaribiana, na kaboni ikishaungua haina pengine pa kwenda. Ukikosea, kosa litakuwa kwenye kiasi ulichosema umetumia.

Kaya ya Dumila, kwa mwaka

Tulimwomba mama huyo atupe matumizi yake, naye alifanya kazi nzuri kuliko tulivyotarajia. Nyumbani wako watu sita. Mume anaendesha bodaboda, na kiangazi wanamwagilia nyanya kwa pampu ndogo ya petroli. Kuna mtungi mdogo wa gesi, ila chakula kikubwa hupikwa kwa mkaa.

Bodaboda inakula lita 2 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni lita 52 kwa mwezi, au 624 kwa mwaka. Zidisha kwa 2.3, unapata kilo 1,435. Pampu inatumia lita 20 kwa mwezi kwa miezi minne ya ukame, yaani lita 80, sawa na kilo 184. Mafuta ya taa ni lita moja kwa mwezi, ya kuwashia mkaa tu kwa kuwa taa zao ni za sola: kilo 30 kwa mwaka. Mtungi wa kilo 6 unakaa miezi miwili, hivyo mwaka mzima ni kilo 36 za gesi, sawa na kilo 108 za hewa ukaa.

Ukijumlisha vyote hivyo unapata kilo 1,757, tani moja na robo tatu. Karibu yote ni bodaboda. Hapa mtu anaweza kuuliza kama mafuta ya bodaboda ni ya kaya au ya abiria. Ni haki kuuliza, na jibu ni kuchagua moja na kuliandika. Ukiyahesabu kwa dereva, usiyahesabu tena kwa abiria. Sisi tungeyaweka kwenye mstari wake, tukaandika "kazi", ili yasichanganyike na ya jikoni.

Kuna njia tatu za kupata kiasi sahihi, na kila moja ina shimo lake. Ukinunua petroli kituoni, lita zinasomeka kwenye pampu. Kama unakumbuka fedha tu, gawanya kwa bei ya lita ya mwezi huo. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi. Lakini bei hiyo ni ya kituoni. Ukinunua ya chupa pale kijiweni umelipa zaidi kwa kila lita, kwa hiyo ukigawanya kwa bei ya EWURA utapata lita nyingi kuliko ulizochoma. Hesabu chupa badala ya fedha, na ujue chupa yenyewe ni ya ujazo gani. Kwa gesi, kosa la kawaida ni kupima mtungi mzima na chuma chake. Mtungi wa "kilo 6" ukiwa umejaa unazidi sana kilo 6, kwa sababu uzito wa mtungi mtupu haumo. Uzito huo mtupu umegongwa kwenye chuma chenyewe, kwa kawaida pale juu karibu na mshikio. Toa huo, kinachobaki ndicho gesi.

Mkaa: jiko moja, majibu matatu

Mkaa ndio uliotuchukua muda. Kwanza gunia. Gunia halina uzito unaojulikana, na kila anayenunua mkaa barabara ya Dodoma anajua lumbesa ni nini. Debe nalo linategemea ukubwa wa vipande, na mkaa ulionyeshewa mvua unauzwa pamoja na maji yake. Kwa hiyo mama wa Dumila aliazima mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mazao. Jumatatu asubuhi alipima mkaa wote uliokuwa ndani, akapikia humo tu wiki nzima, na Jumatatu iliyofuata akapima uliobaki. Tofauti iligawanywa kwa siku saba. Alipata kilo 1.8 kwa siku, sawa na kilo 657 kwa mwaka.

Sasa tuzidishe. Kwa kizidisho cha 3.3, jiko lake linatoa kilo 2,168 kwa mwaka. Hilo ni jibu la kwanza, na ni la kweli, lakini linaanzia mkaa ukiwa tayari jikoni. Mkaa haukuota. Ulichomwa kwenye tanuri la udongo porini, na sehemu kubwa ya mti iliishia kwenye moshi wa tanuri kabla gunia halijajazwa. Makadirio yanayotumika sana kwa matanuri yetu ya asili ni kilo 6 za kuni kavu kwa kilo moja ya mkaa. Mchomaji hodari anaweza kutumia 4 au 5. Tanuri lililopasuka na kuingiza hewa linaweza kumeza 8 au zaidi.

Tukichukua 6, kilo 657 za mkaa zilihitaji kilo 3,942 za kuni. Zidisha kwa 1.75, unapata kilo 6,899, karibu tani saba. Hilo ni jibu la pili, mara tatu ya lile la kwanza. Chungu ni kilekile na ugali ni uleule.

Jibu la tatu linatokana na swali ambalo petroli haiulizwi kamwe: mti uliokatwa, umeota tena? Mti unapokua unavuta hewa ukaa kutoka angani. Shina likiachwa lichipue, na baada ya miaka lirudi ukubwa uleule, hewa iliyotoka kwenye tanuri na jikoni inakuwa imerudishwa. Misitu yetu ya miombo ina sifa hiyo. Visiki vingi huchipua visipochomwa wala kung'olewa. Lakini eneo likishageuzwa shamba la mahindi au ufuta, hakuna kinachorudi. Kwa hiyo wataalamu huchukua jumla ya kuni na kuhesabu sehemu ile tu isiyoota tena.

Sehemu hiyo ni kiasi gani? Hapa ndipo wenyewe wanapovutana. Kwa miaka mingi, viwango vilivyokubaliwa katika miradi ya kaboni ya Umoja wa Mataifa vilivuka asilimia 80 kwa nchi kadhaa za Afrika, na kwa baadhi vilivuka 90. Lakini mwaka 2015 timu ya watafiti iliyoongozwa na Rob Bailis ilichapisha hesabu ya nchi za tropiki kwa ujumla, ikaona kwamba kati ya asilimia 27 na 34 tu ya kuni zilizovunwa hazikuwa zinafidiwa na miti kuota, ingawa tofauti kati ya eneo na eneo ni kubwa.

Weka namba hizo kwenye jiko la Dumila. Ukisema asilimia 90 haioti tena, kaya hii inatoa kilo 6,209 kwa mwaka kutokana na mkaa. Ukisema asilimia 30, inatoa kilo 2,070. Tofauti ni zaidi ya tani nne, mara mbili na zaidi ya petroli, gesi na mafuta yao ya taa yote kwa pamoja. Na hakuna hata kipande kimoja cha mkaa kilichoongezwa wala kupunguzwa.

Kilosa ni mahali pazuri pa kuona kwamba namba hii si ya mezani tu. Kuanzia mwaka 2012 vijiji kadhaa vya wilaya hiyo viliingia katika mpango wa mkaa endelevu uliosimamiwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na mtandao wa MJUMITA. Msitu wa kijiji uligawanywa katika viraba vya mita 50 kwa 50, kimoja kikavunwa na cha jirani kikaachwa, na kiraba kilichovunwa kikapangiwa kupumzika miaka 24. Gunia lililotoka kwenye kiraba kama hicho, kama mpango unafuatwa, lina sehemu ndogo isiyoota tena. Gunia lililotoka kwenye pori linalofyekwa ili pawe shamba, karibu lote halioti tena. Yakisimama pamoja kando ya barabara, huwezi kuyatofautisha kwa macho. Mwulize muuzaji yametoka wapi; wengine husema kweli.

Kwa nini gesi inaitwa safi kama 3 na 3.3 zinakaribiana

Swali hili lilikuja mara tulipozitaja namba hizo hewani, na linastahili jibu. Kizidisho kinahesabu kilo iliyochomwa, hakihesabu chungu kilichoiva. Kilo ya gesi ina nguvu zaidi ya kilo ya mkaa, na jiko la gesi linafikisha kama nusu ya joto lake kwenye sufuria, wakati jiko la mkaa la kawaida linafikisha kama robo. Kilichobaki kinapasha kuta na paja la mpishi. Kwa upishi uleule, kilo moja ya gesi hushika nafasi ya mkaa wa kilo tatu mpaka nne. Kwa hiyo kilo 3 za hewa ukaa za gesi zinapaswa kulinganishwa na kilo 10 na zaidi za mkaa pale jikoni, bila hata kugusa tanuri. Ila gesi ni ya kuchimbwa, haina mti wa kuirudisha, na kwa hiyo yote inahesabiwa. Ukitaka kusema gesi ni safi kwa kuwa haina moshi, sawa. Haina maana kwamba haitoi hewa ukaa.

Tuseme pia kile ambacho hesabu hii inakiacha nje. Tumehesabu hewa ukaa peke yake. Tanuri la mkaa linatoa pia methani, ambayo kwa uzito uleule inapasha joto zaidi, na moshi wa jikoni una masizi yanayoumiza mapafu ya mama na watoto. Hayo yana hesabu zake.

Jiko jipya limeokoa nini?

Turudi kwenye ile karatasi. Mradi hauuzi kile unachotoa. Unauza kile usichotoa tena. Mama alirudia kupima wiki moja akitumia jiko jipya peke yake, akapata kilo 1.2 kwa siku badala ya 1.8. Ameokoa kilo 0.6 kwa siku, yaani kilo 219 kwa mwaka. Hizo ni kilo 1,314 za kuni, na kilo 2,300 za hewa ukaa. Kwa asilimia 90, kinachouzika ni kilo 2,070, zaidi kidogo ya tani mbili. Kwa asilimia 30 ni kilo 690, haifiki tani moja. Hati moja ya kaboni ni tani moja, hivyo jiko hilohilo linaweza kuzaa hati mbili kwa mwaka, au likashindwa kuzaa hata moja. Tukitumia kilo 4 za kuni badala ya 6 kwa kila kilo ya mkaa, zile 690 zinashuka mpaka 460.

Halafu kuna jambo ambalo kila mwanamke anayesoma hapa anajua na makaratasi mengi hayajui: jiko la zamani halitupwi. Maharage yanaenda kwenye jiko kubwa, chai kwenye dogo, na siku ya wageni yote mawili yanawaka. Mama wa Dumila alipopima wiki ya tatu, akipika kama kawaida bila kujibana, alipata kilo 1.5 kwa siku. Akiba ilikatika nusu, na hewa ukaa inayouzika ikakatika nusu vilevile: kwa asilimia 30, kutoka kilo 690 mpaka 345.

Haya si mambo ya Kilosa peke yake. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchunguzi wa miradi ya majiko katika nchi mbalimbali, wakakadiria kwamba miradi waliyoichunguza ilikuwa imepewa hati za kaboni mara 9.2 ya zile zilizostahili. Sababu walizozitaja ni zilezile tulizopitia: mkaa na kuni za mwanzo kukadiriwa juu, jiko jipya kudhaniwa linatumika kila siku na la zamani limeachwa, na sehemu isiyoota tena kuwekwa juu mno. Walioona pia kwamba majiko yaliyofungwa kifaa cha kupima matumizi yalikuwa na hesabu zinazokaribia ukweli zaidi.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukiletewa karatasi ya namna hii uliza mambo manne kabla ya kusaini. Wamesema kaya yako ilikuwa inachoma kilo ngapi za mkaa kwa siku, na nani alipima? Wametumia kilo ngapi za kuni kwa kilo ya mkaa? Wamesema asilimia ngapi ya kuni haioti tena? Na watajuaje kama jiko la zamani bado linawaka? Tanzania ina kanuni za biashara ya kaboni tangu mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kipo Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro. Mradi halali una hesabu zake kwenye maandishi. Unaweza kuziomba kupitia ofisi ya kijiji, na sasa unaweza kuzirudia mwenyewe kwa kikokotoo cha simu.

Kipindi kijacho tutahesabu kuni za mafiga matatu na dizeli ya mashine ya kusaga. Ukitaka kaya yako iwemo, pima kuni zako siku tatu mfululizo, asubuhi na jioni, zikiwa kavu; kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji, na maji hayatoi hewa ukaa. Tutumie kilo, idadi ya wanaokula nyumbani, na kama kuni ni za kuokota au za kukata.